Hedhi Nyingi kwa Wasichana na Maradhi ya Damu Yanayorithiwa

Msichana anapovunja ungo hana kipimo cha kumwonyesha kama damu anayoipoteza kila mwezi ni ya kiasi au imepita kiasi. Kipimo chake ni maneno ya wale anaowauliza, yaani mama, bibi, shangazi na dada zake. Wakimwambia kwamba wao pia hutokwa na damu kwa siku tisa, na kwamba ndivyo walivyo wanawake wa ukoo wao, msichana huridhika na jibu hilo, akavumilia. Jibu lenyewe ni la kweli, kwani ndivyo walivyo. Lakini huenda wote wana maradhi mamoja waliyorithishana, na kwa kuwa wote wanayo, hakuna aliye mzima wa kulinganishwa naye. Kwa namna hiyo ukoo ambao ungekuwa ushahidi wa kwanza wa ugonjwa ndio unaouficha.

Maradhi ya kurithi yanayozuia damu isigande vizuri ni ya aina nyingi. Linaloathiri watu wengi zaidi ni lile liitwalo ugonjwa wa von Willebrand. Katika kliniki za nchi za nje zilizowapima kwa makini wasichana waliokuja kwa sababu ya hedhi nyingi, kati ya mmoja katika kila kumi na mmoja katika kila watano alionekana kuwa na kasoro fulani ya kuganda kwa damu. Kwa hiyo wasichana wengi wenye hedhi nyingi hawana ugonjwa huu, na wachache walio nao hawawezi kutambuliwa kwa kutazamwa tu. Suala linalomhusu mzazi, mwalimu na mganga wa Mbeya au Iringa ni namna ya kuwatenga hao wachache, na wakati gani inafaa kuomba vipimo ambavyo si rahisi kupatikana.

Binti wa Visiwa vya Aland

Mwaka 1924 mtoto wa kike wa miaka mitano aliletwa Helsinki, mji mkuu wa Ufini, kutoka katika Visiwa vya Aland vilivyo kati ya nchi hiyo na Uswidi. Alikuwa akitokwa na damu mara kwa mara puani na mdomoni. Daktari Erik von Willebrand aliyempokea alifahamu kwamba himofilia, ugonjwa wa kutokwa damu uliojulikana zaidi wakati huo, huwashika hasa wanaume. Mgonjwa huyu alikuwa mtoto wa kike, na baadhi ya ndugu zake walikuwa wamekwisha kufa kwa kutokwa damu wangali wadogo. Daktari alianza kuuchunguza ukoo mzima. Kati ya watu 66 aliowafuatilia, 23 walikuwa na dalili za kutokwa damu kupita kawaida, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Mwaka 1926 aliandika kwamba huu ulikuwa ugonjwa mwingine mbali na himofilia.

Yule mtoto alipona mara nyingi alipotokwa na damu puani, na hata alipoumia. Alipofikia umri wa miaka 13 alivunja ungo. Katika hedhi yake ya nne damu haikukoma, akafariki. Kisa hiki chaonyesha kwamba kwa msichana mwenye maradhi haya hedhi ni mtihani unaorudi kila mwezi. Kaka yake mwenye ugonjwa huo huo aweza kuishi miaka mingi bila kujitambua, hadi siku atakapong'olewa jino.

Jinsi Damu Inavyokomeshwa

Mshipa mdogo ukikatika, mwili hufanya mambo matatu kwa mfuatano. Kwanza mshipa wenyewe hujikaza ili kupunguza mtiririko. Pili, chembe ndogo zilizo bapa ziitwazo chembe sahani hukimbilia mahali palipochanika, zikajibandika na kurundikana mpaka zikaziba tundu kwa muda. Tatu, protini zilizomo katika plasma, yaani maji maji ya damu, hutengeneza nyuzi zinazolifunga rundo hilo likawa bonge imara.

Hatua ya pili haiwezekani bila gundi. Chembe sahani zinapita kwa kasi, na ukuta wa mshipa uliochanika hauwezi kuzinasa wenyewe. Kinachozinasa ni protini ndefu iitwayo protini ya von Willebrand, ambayo hufanya kazi kama ulimbo wa kunasia ndege. Upande mmoja hushika ukuta uliojeruhiwa na upande wa pili hushika chembe inayopita. Protini hiyo ina kazi nyingine pia. Hubeba fakta ya nane, ambayo ni mojawapo ya protini za hatua ya tatu, na kuilinda isiharibiwe mapema.

Ulimbo ukiwa haba, au ukiwa na kasoro, damu hutoka kwa muda mrefu hasa katika ngozi laini za ndani, kama vile za pua, ufizi na mji wa mimba. Ndani ya mji wa mimba mambo ni magumu zaidi, kwa sababu kila mwezi utando wake hubanduka na kuacha mishipa mingi midogo wazi kwa wakati mmoja. Tena, sehemu hiyo ina kemikali nyingi za kuyeyusha mabonge ya damu. Mwanamke mwenye ulimbo wa kutosha huyashinda hayo baada ya siku chache. Mwenye ulimbo haba huchelewa.

Ugonjwa wa von Willebrand katika sura yake ya kawaida hurithiwa kutoka kwa mzazi mmoja, ama baba ama mama, na kila mtoto, wa kiume au wa kike, ana nafasi moja kati ya mbili ya kuupata. Himofilia hufuata njia nyingine. Baba mwenye himofilia huwarithisha mabinti zake wote mbegu ya ugonjwa huo, na mama aliyeibeba aweza kuwarithisha nusu ya watoto wake. Zamani ilidhaniwa kwamba mabinti hao ni wapitishaji tu na wao wenyewe hawadhuriki. Siku hizi yafahamika kwamba baadhi yao wana fakta ya nane, au ya tisa, kidogo mno, nao hupata hedhi nyingi. Kwa hiyo msichana mwenye kaka aliyethibitishwa kuwa na himofilia anastahili kupimwa hata kama hajalalamika.

Kutofautisha na Hedhi ya Ujana

Sababu iliyo ya kawaida zaidi ya hedhi yenye matatizo katika miaka miwili ya mwanzo si ugonjwa wa damu. Ubongo, vikokwa vya mayai na mji wa mimba bado havijazoea kufanya kazi kwa pamoja. Miezi mingine yai halipevuki. Lisipopevuka, homoni ya estrojeni huendelea kuujenga utando wa mji wa mimba bila homoni ya pili ya kuutuliza, na utando huo ulionenepa hubomoka vipande vipande kwa wakati usiotazamiwa. Dalili kubwa ya hali hii ni kuvurugika kwa tarehe. Msichana hukosa hedhi miezi miwili au mitatu, kisha hutokwa na damu kwa wiki mbili.

Msichana mwenye ulimbo haba mara nyingi huwa na tarehe zinazoeleweka. Hedhi yake hufika kwa wakati, ila huja kwa wingi tangu ile ya kwanza kabisa. Hata hivyo, kigezo hiki kisitumiwe peke yake, kwa kuwa msichana mmoja aweza kuwa na mambo yote mawili. Yai lisipopevuka huanzisha kutoka kwa damu, na ulimbo ukiwa haba huzuia kukoma kwake. Hao ndio wanaofikishwa hospitalini usiku wakiwa wamelegea.

Hedhi ya mtu ambaye miaka ya nyuma ilikuwa ya kiasi, kisha ikabadilika ghafla, huwa na sababu nyingine. Hapo yafaa kuanza kwa kuchunguza mimba iliyoharibika, maambukizo, au sindano ya uzazi wa mpango, kabla ya kufikiria ugonjwa wa kurithi. Aliyezaliwa na upungufu wa ulimbo hakuupata mwaka jana.

Kupima Bila Maabara

Kwa desturi ya kitabibu, hedhi huitwa nyingi ikipita mililita 80, ambazo ni kama theluthi moja ya kikombe cha chai. Hakuna anayeweza kuzipima nyumbani, ndiyo maana wataalamu walibuni hesabu ya alama. Pedi iliyopata madoa machache hupewa alama 1, iliyolowa nusu hupewa alama 5, na iliyolowa kabisa hupewa alama 20. Bonge dogo la damu ni alama 1, na kubwa ni alama 5. Jumla ya hedhi nzima ikizidi 100, yaelekea kwamba damu iliyotoka imepita kiasi.

Hesabu hiyo ilitungwa kwa ajili ya pedi za dukani. Mahali ambapo wasichana hutumia vitambaa vya kanga vilivyokunjwa, alama haziwezi kuchukuliwa kama zilivyo, kwa kuwa kitambaa kinene hunyonya zaidi, na kitambaa chembamba huvuja mapema. Hapo yafaa kuuliza mambo manne ambayo hayategemei aina ya kitambaa. Je, hulazimika kubadilisha kila baada ya saa moja au mbili? Je, huamka usiku kubadilisha, au hulowesha godoro? Je, hutokwa na mabonge yenye upana unaozidi sentimeta mbili na nusu? Je, damu huendelea zaidi ya siku saba? Msichana anayejibu ndiyo kwa swali moja tu tayari amevuka mstari wa kawaida.

Kipimo cha wingi wa damu, yaani hemoglobini, hupatikana hata katika vituo vingi vya afya. Lakini katika nyanda za juu kipimo hicho chahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa karibu meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na mwili wa mkaaji wake hutengeneza hemoglobini zaidi ili kufidia, kati ya nusu gramu na gramu moja hivi kwa kila desilita. Kwa msichana wa Dar es Salaam kiwango cha chini kinachokubalika ni gramu 12. Msichana wa Mbeya mwenye gramu 12.3 aweza kuandikiwa kuwa hana upungufu wa damu, ilhali kwa mahali anapoishi tayari anao.

Mfano wa Msichana Mmoja

Mfano ufuatao umetungwa ili kuonyesha jinsi uchunguzi unavyokwenda hatua kwa hatua.

Msichana wa miaka 14, mwanafunzi wa kidato cha pili, alivunja ungo miezi kumi iliyopita. Hedhi yake hufika kila baada ya siku 27 au 28. Kila mwezi hukosa shule siku mbili, na mwalimu wa kike amegundua kwamba huhema akipanda kilima cha shule. Anaandikiwa kuweka hesabu. Siku ya kwanza alilowesha pedi tatu kabisa na mbili nusu, alama 70. Siku ya pili pedi nne kabisa na mabonge makubwa mawili, alama 90. Siku ya tatu pedi mbili kabisa na tatu nusu, alama 55. Siku ya nne pedi nne nusu, alama 20. Siku tano zilizofuata alitumia pedi mbili zenye madoa kila siku, alama 10. Jumla ni 245 kwa siku tisa.

Mganga wa hospitali ya wilaya anauliza habari za damu kutoka mahali pengine. Msichana hutokwa na damu puani mara mbili kila mwezi, na humchukua zaidi ya dakika kumi kukoma. Mama anaulizwa juu ya ukoo, naye anajibu kwamba hakuna mgonjwa. Mganga habadilishi swali kwa kutaja ugonjwa, bali anauliza matukio. Hapo mama anakumbuka kwamba yeye mwenyewe aliongezewa damu baada ya kujifungua mtoto wa pili, na kwamba mjomba wa msichana alirudi kwa mganga wa meno mara tatu kwa jino moja. Mambo hayo mama hakuyaona kuwa ugonjwa. Aliyaona kuwa mikosi miwili isiyohusiana.

Hemoglobini ni gramu 8.6. Chembe nyekundu ni ndogo kuliko kawaida, jambo linaloashiria kwamba akiba ya madini ya chuma imekwisha. Hesabu ya chembe sahani ni ya kawaida. Kipimo cha mimba hakionyeshi kitu. Kipimo cha muda wa kuganda kwa plasma nacho ni cha kawaida.

Hapa ndipo wengi hupotea. Matokeo hayo mawili ya kawaida, idadi ya chembe sahani na muda wa kuganda, huandikwa katika cheti kwamba damu inaganda vizuri, na msichana akarudishwa nyumbani na vidonge vya chuma. Lakini idadi ya chembe haisemi lolote juu ya ulimbo wa kuzinasa. Na muda wa kuganda hupima hatua ya tatu tu. Hurefuka pale tu fakta ya nane inapokuwa imepungua sana, na mwenye ugonjwa mwepesi au wa kadiri wa von Willebrand mara nyingi ana fakta ya nane ya kutosha. Kwa hiyo vipimo hivi viwili vikiwa na kasoro hufundisha jambo, lakini vikiwa vizuri haviufuti ugonjwa huo.

Vipimo Vinavyotakiwa Hasa

Vipimo vya ugonjwa wa von Willebrand ni vitatu, na huombwa pamoja. Cha kwanza hupima kiasi cha protini ya von Willebrand, cha pili hupima utendaji wake wa kunasa chembe, na cha tatu hupima fakta ya nane. Mtu mzima wa afya huwa na kati ya asilimia 50 na 150 hivi, au zaidi. Chini ya asilimia 30 ugonjwa huhesabiwa kuwa umethibitika. Kati ya 30 na 50 huhesabiwa kuwa ugonjwa iwapo mtu hutokwa na damu kupita kawaida, kama msichana huyu.

Ugumu ni kwamba protini hii haikai mahali pamoja. Hupanda mwili unapopatwa na homa, hofu, mimba, mazoezi makali au kutokwa damu kwingi. Dawa zenye estrojeni pia huipandisha. Watu wa kundi la damu O huwa nayo pungufu kwa karibu robo kuliko wenzao. Msichana wa mfano alichukuliwa damu siku ya pili ya hedhi, akiwa anatetemeka, na kiasi kikawa asilimia 52. Aliporudiwa wiki nne baadaye, akiwa ametulia na hana homa, kiasi kilikuwa asilimia 27 na utendaji asilimia 25. Jibu la kwanza halikuwa kosa la maabara. Lilikuwa picha ya mwili uliokuwa katika dhiki. Ndiyo sababu jibu la chini kidogo au la mpakani hurudiwa, na jibu zuri lililochukuliwa wakati wa dharura halifungi mjadala.

Jambo lingine ni safari ya sampuli. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, iliko Hospitali ya Taifa Muhimbili yenye kliniki ya himofilia, ni zaidi ya kilometa 800. Damu nzima ikiwekwa kwenye barafu na kusafirishwa usiku kucha katika basi, baridi huondoa sehemu ya protini ya von Willebrand, na mtu mzima aonekana mgonjwa. Njia iliyo sahihi ni kujaza chupa yenye sitreti hadi kwenye mstari wake, kuiacha katika joto la kawaida la chumba, kuizungusha kwa mashine ndani ya saa nne ili kutenga plasma, kisha kuigandisha plasma peke yake kabla ya kuisafirisha. Iwapo hayo hayawezekani, afadhali asafiri msichana kuliko damu yake. Kwa vipimo vya utendaji wa chembe sahani zenyewe hakuna njia nyingine, kwa sababu chembe hizo lazima zipimwe zingali hai, saa chache tu baada ya damu kutolewa.

Na iwapo msichana amefika akiwa na hali mbaya na anahitaji kuongezewa damu, sampuli ichukuliwe kabla ya chupa kufunguliwa. Plasma ya mchangiaji ina ulimbo wa mchangiaji, na kipimo cha baadaye kingesoma damu ya mtu mwingine. Kuokoa maisha hakungoji kipimo, lakini mililita chache huchukuliwa kwa dakika moja.

Wakati wa Kuomba Vipimo

Kutokana na hayo, vipimo vyafaa kuombwa pale hedhi ilipokuwa nyingi tangu ya kwanza, na pamoja nayo pakawa na mojawapo ya mambo haya: upungufu wa damu usioelezeka kwa sababu nyingine, kulazwa au kuongezewa damu kwa ajili ya hedhi, kutokwa na damu kwingi baada ya kung'olewa jino au kupasuliwa. Vyafaa pia palipo na mambo mawili kati ya haya madogo: damu ya pua mara moja au mbili kila mwezi, ufizi kutoka damu mara kwa mara, mabaka ya kuvilia damu bila kugongwa, au ndugu wa damu mwenye historia ya kutokwa damu. Historia ya ukoo iulizwe kwa matukio, kama vile uzazi wa mama na shangazi, meno ya wajomba, na tohara ya kaka. Swali la jumla, kwamba je, kuna ugonjwa katika ukoo, hujibiwa hapana.

Havifai kuombwa kwanza kwa msichana ambaye shida yake ni tarehe zilizovurugika tu katika mwaka wa kwanza au wa pili, mwenye hemoglobini nzuri kwa mwinuko anaoishi, na asiye na dalili yoyote nyingine. Huyo huwekewa hesabu ya hedhi kwa miezi mitatu na kuangaliwa tena. Kwa wakazi wa mikoa ya Mbeya na Iringa njia ya kawaida ni kuanzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kwa kipimo kamili cha damu, kisha kupewa barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, na kutoka huko Muhimbili ikibidi. Barua inayoeleza hesabu ya pedi, habari za pua na matukio ya ukoo humsaidia daktari wa rufaa kuliko ile iliyoandikwa "hedhi nyingi" peke yake.

Faida ya Kujua

Yaweza kuulizwa kwamba, ikiwa ugonjwa wa kurithi hauondoki, kuna faida gani kuujua. Faida ya kwanza ni dawa za kuepukwa. Msichana mwenye maumivu ya tumbo la hedhi mara nyingi hununua aspirini, ibuprofeni au diklofenaki. Dawa hizo hudhoofisha chembe sahani, na kwa mwenye ulimbo haba huongeza damu inayotoka. Hutumia parasetamoli badala yake.

Faida ya pili ni dawa za kutumiwa. Asidi ya traneksamiki huzuia bonge la damu lisiyeyushwe mapema. Kwa agizo la daktari, dozi ya kawaida kwa hedhi ni gramu moja mara tatu kwa siku, kwa siku zisizozidi tano za mwanzo, na huwa nusu hadi theluthi mbili tu ya kile kilichokuwa kikipotea. Vidonge vyenye homoni mbili navyo hupunguza utando wa mji wa mimba. Wazazi wengine huvikataa wakidhani ni ruhusa ya mambo mengine, ilhali kwa msichana huyu kazi yake ni kuhifadhi damu. Katika mfano uliotolewa, asidi ya traneksamiki ilishusha alama kutoka 245 hadi 95. Vidonge vya chuma, vilivyomezwa saa mbili mbali na chai, kwa kuwa chai ya Rungwe au ya Mufindi huzuia chuma kisiingie mwilini, vilipandisha hemoglobini hadi gramu 13.4 baada ya miezi minne. Viliendelea kumezwa miezi mitatu zaidi ili kujaza akiba.

Faida ya tatu ni ya miaka ya mbele. Wakati wa mimba protini ya von Willebrand hupanda yenyewe, na mama huonekana kupona. Baada ya kujifungua hushuka tena ndani ya siku na wiki chache, na hapo ndipo damu ya uzazi hutoka kwa wingi, pengine mama akiwa amekwisha kuruhusiwa kurudi nyumbani. Mwenye kadi inayotaja ugonjwa wake huangaliwa kwa muda mrefu zaidi, na huandaliwa dawa kabla. Vivyo hivyo kwa jino na kwa upasuaji. Na jina lake likishaandikwa, mama yake, mjomba wake na wadogo zake nao huitwa kupimwa.

Ishara za hatari hazingoji kipimo chochote. Msichana anayelowesha pedi au kitambaa kizima kila saa kwa saa mbili au tatu mfululizo, anayezimia, au ambaye moyo humwenda mbio akiwa amelala, apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Asidi ya traneksamiki ilivumbuliwa huko Ujapani mwaka 1962 na Utako Okamoto na mumewe Shosuke. Ilikuwa zaidi ya robo karne baada ya binti wa Aland kufariki. Daktari wake alikuwa ameuchora ukoo wake wote katika karatasi, akiujua ugonjwa bila kuwa na dawa ya kumpa. Siku hizi dawa ipo, na kinachokosekana mara nyingi ni ile karatasi yenye majina ya ndugu na maelezo ya lini kila mmoja alitokwa na damu.